Alama ya reli (#) ipi inaleta watazamaji kweli? Pima kama shamba darasa

Wengi mnaoweka video fupi TikTok mmeniuliza: niweke #fyp au #mahindi? Mimi mwenyewe nilikuwa naweka #fyp kila mara kwa sababu video yangu moja iliwahi kupaa. Kumbe nilikuwa nafanya kosa lile lile la mkulima anayesifia mbegu kwa sababu mwaka ule mvua ilinyesha vizuri.

Dawa yake tunaijua. Kwenye shamba darasa tunaweka vishamba viwili jirani, tunabadilisha kitu kimoja tu, halafu tunarudia. Kwa video fanya hivyo hivyo.

Kuandaa jozi

Chagua seti mbili za alama. Tuseme seti A ni #fyp #viral #tanzania, na seti B ni #mahindi #viwavijeshi #kilimo. Idadi iwe sawa, tatu kwa tatu.

Kisha rekodi jozi 8 za video, yaani video 16. Video mbili za jozi moja zifanane: mada moja, sekunde 30 hivi, mwanga ule ule, mwanzo wa aina moja. Kwa mfano, moja ionyeshe alama ya Y iliyogeuzwa kichwani mwa kiwavijeshi vamizi, nyingine ionyeshe madoa manne yaliyokaa kama mraba karibu na mkia. Usipandishe video ile ile mara mbili, maana aliyekwisha iona ataipita. Maneno ya maelezo yawe yale yale, zibadilike alama tu.

Ipi ipate A na ipi ipate B? Rusha sarafu. Ukichagua mwenyewe, ile nzuri utaipa seti unayoipenda bila kujijua. Zipandishe wiki moja, mathalani Jumanne na Alhamisi saa 2 usiku, na jozi inayofuata ugeuze ianze seti nyingine. Wiki moja ni muhimu: wadudu wakishamiri watu wengi hutafuta habari zao, na huo ni msimu, si alama. Usilipie matangazo, na usibadilishe maelezo baadaye.

Kusoma matokeo

Soma kila video ikitimiza siku 7 kamili. Tuchukue mfano, namba hizi nimeziweka rahisi ili tufuate hesabu:

| Jozi | A | B |
|---|---|---|
| 1 | 410 | 380 |
| 2 | 295 | 450 |
| 3 | 9,800 | 520 |
| 4 | 330 | 470 |
| 5 | 360 | 610 |
| 6 | 280 | 340 |
| 7 | 400 | 530 |
| 8 | 315 | 455 |

Ukipiga wastani, A inapata kama 1,524 na B kama 469. Utasema A imeshinda mara tatu. Lakini angalia jozi ya 3: video moja iliyopaa ndiyo imebeba wastani wote. Hesabu jozi badala ya wastani. B imeshinda jozi 6 kati ya 8.

Je, 6 inatosha? Hapana, bado. Ukirusha sarafu mara 8, kuna njia 256 za kutokea matokeo, na 37 kati ya hizo zinampa mtu uliyemtaja mapema ushindi wa 6 au zaidi. Hiyo ni karibu mara 1 kwa kila 7, kwa bahati tupu. Kwa 7 au zaidi ni njia 9 tu, yaani mara 1 kwa 28 hivi. Kwa hiyo 6 ni dalili, si jibu. Andaa jozi 8 mpya, urudie, na usikatishe katikati kwa kuwa seti yako inaongoza.

Watazamaji gani?

Fungua takwimu za kila video uone watu walikotokea. Wa `For You` wamepelekewa na mtandao; wa `Search` wametafuta wenyewe. Mtu anayetafuta kiwavi usiku ana shamba linaloliwa. Kama B inaleta wengi zaidi kupitia `Search`, kwangu mimi hao 450 wana thamani kuliko maelfu waliopita tu, hata kama A ingeshinda kwa idadi.

Kumbuka pia umepima seti, si alama moja moja. Ukitaka kujua kama ni #viwavijeshi inayofanya kazi, linganisha seti B kamili na seti B ambayo alama hiyo umeibadilisha kwa nyingine. Jibu litakalopatikana ni la akaunti yako na mada yako. Ukihamia video za kuku, pima upya.

Anza na daftari lenye safu tano: tarehe, jozi, seti, waliotazama siku ya 7, na waliotoka `Search`. Ukikwama kwenye hesabu, niandikie hapo chini tuisome pamoja.