Kiti, meza na nyumba: utani wa Wakasai na Wakatanga katika Kiswahili cha Lubumbashi

Mama yangu ni Mukasai aliyezaliwa Likasi. Baba ni mtu wa Katanga. Kwa hiyo nimekulia katikati ya mizaha ambayo wengine huisikia kwa jirani tu. Kwa miaka mingi mzaha niliousikia zaidi nyumbani ulikuwa huu, alioutoa mzee mmoja jirani yetu, mfanyakazi wa zamani wa migodi, kila alipoingia akamkuta mama ameketi:

«Weye muntu wa Kasai! Tulikupatia kiti, sasa unalomba na meza!»

Naye mama, bila kuinuka, humjibu: «Na weye, bila sirene hauamuke!»

Msomaji asiyeujua mji wetu anahitaji historia kidogo. Wafanyakazi wengi wa migodi na wa reli waliletwa kutoka Kasai, hasa baada ya reli ya Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, kumalizika mwaka 1928. Wengi wakawa makarani na wafanyabiashara, ndipo ikatoka picha ya Mukasai anayepanda haraka na kuomba zaidi ya alichopewa. Kwa upande wa pili ikatoka picha ya Mukatanga anayengoja kila kitu kutoka kwa kampuni: posho, nyumba, hata kuamshwa kwa king'ora cha asubuhi. Picha zote mbili ni za uongo zikitwaliwa kuwa maelezo ya kabila zima, na mzee na mama walilijua hilo vizuri. Mama hakuwahi kuomba meza. Mzee aliamka kabla ya jogoo.

Sasa nichukue sentensi nyingine, niliyoisikia mwenyewe ndani ya basi wakati wa kampeni ya uchaguzi. Kijana mmoja alimwambia mwenzake: «Bale bantu, ukibapatia kiti, banakamata nyumba yote.» Watu wachache walicheka. Mimi nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Kwa nini? Mali ya mzaha ni ileile: kiti, na mgeni asiyetosheka. Nilipoziandika sentensi hizi mbili katika daftari, moja chini ya nyingine, niliona kwamba kilichobadilika ni sarufi kwanza. Mzee hutumia nafsi ya pili umoja: weye, unalomba. Anayetajwa yuko mbele yake na zamu ya kusema inamrudia. Kijana anatumia nafsi ya tatu wingi: bale, banakamata. Anayetajwa hayupo, au yupo kimya kama mimi, na hakuna pahali pa kuweka jibu. Tazama pia vitenzi. Mzee anasema tulikupatia, jambo lililokwisha kutokea, na unalomba, ombi ambalo mtu anaweza kulikataa. Kijana ameweka -ki- ya sharti, ambayo hapa haisimulii tukio lolote bali inatangaza kanuni: kila utakapowapa, watatwaa. Na kulomba kumegeuka kukamata. Ukiondoa kicheko, sentensi ya mzee haibaki na kitu. Sentensi ya kijana inabaki na dai zima, kwamba hawa watu watatunyang'anya nchi.

Dai hilo si geni. Baada ya uchaguzi wa miji wa mwaka 1957, ambapo watu wa kutoka nje ya Katanga walipata nafasi kubwa mjini Elisabethville, chama cha Conakat kilianzishwa mwaka 1958 kwa hoja ya namna hiyo. Lilirudi kwa ukali mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi. Mama alikuwa msichana. Alilala miezi na ndugu zake katika stesheni ya Likasi, wakingoja treni, na wengi walifia pale kwa magonjwa na njaa.

Katika mikutano ya hadhara ya wakati ule Wakasai waliitwa bilulu, wadudu. Sisi wa kitivo cha lugha tusilipite neno hili upesi. Bakasai ni ngeli ya watu, bilulu ni ngeli ya vitu. Kiambishi kimoja kinawatoa watu katika kundi la wanaojibu na kuwatia katika kundi la vinavyofagiwa. Rwanda nako, neno inyenzi, mende, lilitumika hivyohivyo katika redio ya RTLM, ambayo wasikilizaji wengi waliipenda kwa muziki na kwa watangazaji wake wachekeshaji. Kicheko kilitangulia, ndiyo sababu siamini mtu anayeniambia kwamba «ni mzaha tu».

Lakini nisije nikalaumu utani wenyewe. J. Clyde Mitchell, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela, alieleza jinsi watu wa makabila mbalimbali katika miji ya migodi ya Zambia, jirani zetu kabisa, walivyotaniana ili waweze kuishi pamoja na wageni waliokutana nao kazini. Tanzania, Wangoni na Wahehe walipigana vita katika karne ya 19, na leo ni watani. Huko utani una wajibu: mtani humdhihaki marehemu mbele ya wafiwa bila kukasirikiwa, lakini pia husaidia kazi za maziko. Anayedai haki ya kucheka bila kuuchukua mzigo wa pili si mtani.

Kipimo changu cha nafsi ya pili kina mpaka wake, nami niliugundua darasani. Mwalimu mmoja alipenda kuiga matamshi ya wanafunzi wa Kasai: kudima badala ya kulima. Alisema weye, alimtazama mwanafunzi usoni, kwa hiyo kwa sarufi ulikuwa utani. Lakini mwanafunzi hakuweza kumjibu mtu atakayemsahihishia mtihani. Nafsi ya pili ilikuwepo, zamu haikuwepo. La kuchekesha kweli ni kwamba kudima si kosa la ovyo: katika Kiluba cha Kasai l hugeuka d mbele ya i. Na mwenye Kibemba naye husema shimama kwa simama, kwa sababu kwake s hugeuka sh mbele ya i. Siku mwanafunzi mmoja wa kijiji cha mpakani aliposimama akasema kwa makusudi «Mwalimu, nashimama kuuliza», na mwenzake wa Kasai akamjibu «Kaa, uendelee kudima», darasa zima lilicheka, na hapo palikuwa na utani na somo la fonolojia kwa pamoja.

Wakati wa kampeni ile mama aliacha kujibu. Mzee akiingia na kiti chake, mama alitabasamu tu. Mzee alielewa, akaanza kusema «Jambo, mama», kama kwa mgeni. Nyumba ikawa na adabu na baridi.

Mwaka jana mzee alifariki. Kwenye matanga mama alifika mbele ya jeneza, akasimama kitambo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: «Papa, sirene imelia. Leo unakatala kuamuka?» Watoto wa mzee walicheka kwanza, halafu wakalia. Mama akafunga kitenge kiunoni, akaenda nyuma ya nyumba kusonga bukari, na hakurudi kwetu mpaka siku ya tatu.