Kuulizia Ombi la Kazi Lililokaa Bila ya Jibu

Mwananchi aliyepeleka ombi la kazi Serikalini, kisha wiki zikapita pasipo jibu, ana haki ya kuuliza. Tatizo ni kwamba masuali mengi yanayoletwa hayajibiki. Barua isemayo "niliomba kazi kwenu na mpaka leo kimya" humfikia karani wa masjala mwenye maombi ya nafasi nyingi mbele yake, naye hawezi kujua ni nafasi ipi iliyoombwa, ombi liliingia lini, wala lilipita njia gani. Barua hiyo hufunguliwa, husomwa, na kuwekwa kando.

Jambo la kwanza ni kuhesabu siku kwa usahihi. Mwombaji huhesabu tangu siku aliyopeleka barua yake, ilhali ofisi huhesabu tangu siku ya mwisho ya kupokea maombi iliyoandikwa katika tangazo. Kabla ya siku hiyo, kwa kawaida, maombi hukusanywa tu. Baada yake ndipo yanapochambuliwa, wenye sifa wakaorodheshwa na usaili ukapangwa. Tuseme tangazo lilifungwa tarehe 14 Machi, na mwombaji alipeleka ombi tarehe 20 Februari. Ifikapo tarehe 10 Aprili, yeye atakuwa amengoja wiki saba, lakini kwa hesabu ya ofisi hata wiki nne hazijatimia. Muda wa wiki nne hadi sita baada ya tangazo kufungwa ni wa kiasi, isipokuwa tangazo lenyewe limetaja muda wake. Tangazo lisomwe tena kwa makini, kwani mengine hueleza kuwa watakaojulishwa ni wale tu walioteuliwa kwa usaili. Penye maneno hayo, mwombaji anaweza kuuliza kama shughuli imekwisha, lakini asitarajie barua ya kukataliwa.

Aliyeomba kwa njia ya mtandao atazame kwanza hali ya ombi lake katika akaunti aliyojiandikishia, pamoja na baruapepe yake. Aangalie pia kama namba ya simu aliyoiandika bado anaitumia. Wapo walioitwa kwenye usaili kwa namba waliyokwisha kuiacha.

Kwa mtumishi aliyekwisha ajiriwa, mambo yana mzunguko zaidi, na hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Matangazo mengi ya Serikali humtaka mtumishi apitishe ombi lake kwa mwajiri wake, na ndiyo maana barua yake huandikwa "K.K.", yaani kupitia kwa. Chukuliwe mfano wa mtumishi aliyeko Wete, anayeomba nafasi katika wizara nyengine iliyoko Unguja. Barua yake hupokelewa na masjala ya ofisi yake ya Wete, ikapelekwa kwa Katibu Mkuu wa wizara yake, na kutoka hapo ndipo inapokwenda kwa wizara iliyotangaza kazi. Masjala tatu zinahusika, na kimya kinaweza kuwa kimezaliwa katika yoyote kati yake.

Mtumishi huyo asianze kwa wizara iliyotangaza kazi. Aanze nyumbani. Katika masjala ya Wete aulize barua yake ya tarehe 20 Februari ilipitishwa kwa barua gani. Daftari la kupelekea barua litaonesha tarehe, kumbukumbu namba, na saini ya aliyeipokea. Tuseme inaonekana kuwa ilipokelewa makao makuu tarehe 3 Machi. Kwa kumbukumbu namba hiyo, masjala ya makao makuu inaweza kulitoa jalada lake, na humo barua ikakutwa ingali inangoja maoni ya mkuu wa kitengo, huku tangazo limekwisha fungwa. Hapana aliyeikataa, hapana aliyeikumbuka tu.

Kinachofaa wakati huo ni kuiomba wizara yake, kwa maandishi na kwa lugha ya utulivu, iipeleke barua hiyo pamoja na maelezo kwamba iliipokea tarehe 3 Machi, kabla ya siku ya mwisho. Wizara iliyotangaza kazi hailazimiki kulikubali ombi lililochelewa, lakini tarehe hiyo ya mhuri ndiyo hoja pekee aliyonayo mwombaji. Kwa sababu hii, watumishi wenye uzoefu hupeleka nakala ya awali moja kwa moja kwa aliyetangaza kazi siku ile ile wanayoikabidhi barua ya asili kwa mkuu wao, ikiwa tangazo halikukataza.

Ikiwa barua hiyo ilitoka tarehe 7 Aprili, wiki tatu baadaye mtumishi anaweza kuiandikia wizara iliyotangaza kazi. Barua iandikwe kwa cheo kile kile kilichotajwa katika tangazo, nayo pia ipitie kwa mwajiri. Kichwa cha habari kitaje nafasi iliyoombwa na kumbukumbu namba ya tangazo. Chini yake maneno machache yanatosha:

"Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ombi langu la tarehe 20 Februari lililetwa kwenu kwa barua ya wizara yangu ya tarehe 7 Aprili, ambayo nakala yake naiambatisha. Naomba kujulishwa kama ombi hilo limepokelewa, na kama limo katika maombi yanayoendelea kushughulikiwa. Naambatisha pia namba yangu ya simu ninayoitumia sasa. Natanguliza shukurani."

Mwombaji asiyekuwa mtumishi huandika vivyo hivyo, ila hana K.K., na mahali pa barua ya wizara hutaja siku na njia aliyopelekea ombi lake.

Suali lililomo katika barua hiyo linajibika kwa mstari mmoja, na afisa anaweza kulijibu bila ya kutoa siri ya ofisi. Anayeuliza ni nani walioitwa, au yeye amepata alama ngapi, humweka afisa mahali ambapo jibu la salama ni kunyamaza. Vivyo hivyo kwa anayemtuma jamaa yake aliyemo ofisini "akamtazamie": hata kama ombi lake lina sifa zote, sasa limeingia dhana ya upendeleo, na jamaa naye amejitia matatani. Wala haifai kuipeleka barua moja kwa Waziri, kwa Katibu Mkuu na kwa Mkurugenzi kwa pamoja, kwani kila mmoja hudhani mwenzake atajibu.

Simu inafaa kwa kuthibitisha tu kuwa barua ya kuulizia imefika. Mpigaji ataje jina lake, nafasi na kumbukumbu namba kabla ya kuulizwa, kisha aandike jina la aliyezungumza naye pamoja na tarehe.

Likikosekana jibu, barua ya pili yaweza kuandikwa baada ya mwezi mmoja, ikirejea ile ya kwanza kwa tarehe yake na kuambatisha nakala. Ya tatu haina faida. Ikijibiwa kwamba ombi halikuonekana, mwombaji apeleke nakala ya ukurasa wa daftari wenye saini ya mpokeaji, au stakabadhi ya posta, au ujumbe wa mtandao uliothibitisha kupokelewa kwa ombi. Asiyekuwa na mojawapo ya hivyo hana cha kudai katika tangazo hilo, na imembakia kungoja jengine.