Figo Zako Zinachuja Kiasi Gani? Tupige Hesabu



Figo mbili za kijana mwenye afya huchuja kutoka kwenye damu mililita 100 hadi 125 za maji kila dakika. Kwa siku moja zinaweza kufika lita 180, yaani madebe tisa ya lita 20. Karibu maji yote hurudishwa katika damu, na mkojo huwa lita moja au mbili tu. Basi, wingi wa mkojo hautoshi kutuonyesha kwamba figo zinachuja vizuri. Tutajuaje?

Maabara hupima kreatinini, taka itokayo kwenye misuli. Figo huichuja wala haziirudishi katika damu. Mgonjwa hukusanya mkojo wa saa 24, halafu hutolewa damu. Kanuni ni hii:

C = U × V ÷ P

C ni uchujaji, U ni kreatinini ya mkojo, P ni ile ya damu, na V ni mililita za mkojo kwa dakika.

Tuchukue mfano wa mama wa Ulemo aliyekusanya mililita 1440. Saa 24 ni dakika 1440, kwa hiyo V ni 1. Kreatinini ya mkojo ni mikromoli 9000 kwa lita, ya damu ni 90. Gawanya 9000 kwa 90, unapata 100. Zidisha kwa 1. Figo zake huchuja mililita 100 kwa dakika.

Sasa tuseme mililita 360 alizikojoa shambani, akapeleka 1080 tu. V inakuwa 0.75, na jibu ni 75. Figo ni zilezile, lakini hesabu inamfanya aonekane mgonjwa! Kwa hiyo, mkojo wa saa 12 asubuhi ya kwanza mwaga. Wote unaofuata weka chomboni, pamoja na ule wa saa 12 kesho yake. Ukipoteza hata mara moja, waambie maabara, uanze upya.

Je, presha ikibadilika? Kila chujio la figo lina mshipa mdogo wa kuingiza damu. Presha ikipanda, mshipa hujibana, ikishuka, hujitanua. Hivyo uchujaji haubadiliki sana.

Lakini ulinzi huu una mpaka. Mtu anayeharisha na kutapika hupungukiwa maji. Wakati huo mshipa hubaki wazi kwa msaada wa kemikali za mwili, na diklofenaki na ibuprofeni huzizuia kemikali hizo. Akimeza dawa hizo kwa maumivu, mshipa hubana na uchujaji huanguka. Asizimeze, anywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Mkojo ukipungua sana au ukikatika, awahishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.