Ada ya dosie tuiandike wapi?

Swali: Kampuni yetu hapa Kindu imekopa dola 10,000 kwa miaka 2, riba 10% kila mwaka, mtaji wote mwishoni. Benki ilikata dola 300 za dosie siku ileile. Je, ni gharama ya mwaka huu?

Jibu: Hapana, ndugu. Kwa IFRS 9, deni huanza kwa 9,700, pesa mliyopokea kweli. Tafuteni kiwango kinachofanya malipo ya 1,000 na 11,000 yawe na thamani ya 9,700 leo: ni karibu 11.77%. Mwaka wa kwanza gharama ni 1,142. Mnalipa 1,000, deni linapanda hadi 9,842. Mwaka wa pili gharama ni 1,158, na baada ya kulipa riba deni linasimama 10,000. Lisiposimama hapo, kiwango kimekosewa.