Mbwa asiyesikia: kumfundisha kwa mkono na kumchunga asipate hatari



Hapa Mubi mwanachama mmoja alikuwa na mbwa mweupe wa kulinda mbuzi. Alimwita, mbwa hakuja, alimfokea, hakugeuka, basi fimbo ikafuata. "Hii imbwa iko na kichwa nguvu," alisema. Siku moja mtoto wake alimgusa mbwa akiwa usingizini. Mbwa aliruka, meno yakapasua shati ya mtoto. Baba akataka kumuua. Tulimwomba atuachie siku mbili tu.

Tulingoja mbwa alale. Mmoja wetu akasimama nyuma yake, mbali hatua tano, akagonga sufuria kwa kijiko. Hata sikio halikutikisika. Tulikaa mbali kusudi asisikie mtikisiko wa udongo wala upepo wa mkono, maana mbwa kiziwi anashika hivyo viwili upesi, na watu wanadhani amesikia. Kesho yake tulirudia, ikawa vilevile. Kumbe kichwa nguvu hakikuwepo.

Mbwa weupe wengi wanasikia vizuri, lakini kiziwi wa kuzaliwa anapatikana zaidi kati yao. Ndani kabisa ya sikio kunahitajika chembe zilezile zinazotia manyoya rangi. Zikikosekana, usikivu unakufa katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Mafundisho tulianza na ndakala, vipande vidogo kama punje ya muhindi. Alama ya kwanza ni kidole gumba juu, maana yake "vizuri". Unaonyesha gumba, hapohapo unatoa kipande. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, mpaka akiona gumba anatikisa mkia. Kisha kila anapokutazama mwenyewe bila kuitwa, gumba na ndakala. Hapa msikimbize. Mbwa asiyekutazama hawezi kupokea alama yoyote, kwa hiyo desturi ya kugeuka kumtafuta mwenye nyumba ndiyo msingi wa yote. Kwetu ilichukua zaidi ya wiki mbili.

Baadaye tuliongeza "kuja": mkono unafunguliwa pembeni, halafu unaletwa kifuani. Tulitumia kamba ya metre nane, ya kumzuia asikimbie tu, si ya kumvuta kwa nguvu. "Simama" ilitushinda mwanzoni. Baba aliinua mkono juu, na mbwa akajikunja chini akitetemeka, maana mkono huohuo ulikuwa unampiga. Tukabadilisha: kiganja wazi, chini, usawa wa kiuno. Watu wote wa nyumba walipatana alama moja, hata bibi.

Na akiwa amegeuka upande mwingine? Ndani ya nyumba ya mbao piga mguu kwenye ubao: atasikia kwa nyayo zake na atageuka. Kwenye matope baada ya mvua njia hiyo haifai kitu. Hapo gusa kamba polepole, na usiku washa na kuzima tochi chini karibu naye, si ndani ya macho. Kila anapogeuka, apate kipande chake. Kuna mikanda ya shingo inayotetemeka kama simu. Ukiipata, hakikisha si ile ya kupiga umeme, kwani hiyo inamfundisha woga.

Kumwamsha: weka mkono mbele ya pua anuse, halafu mguse begani, mahali palepale kila siku, na mpe kitu. Fanya hivyo kila siku, ili kuguswa usingizini kuwe habari njema kwake. Watoto wadogo wasimwamshe kabisa. Kitanda chake kiwe pembeni, mgongo ukutani, pasipo njia ya watu.

Barabara ni hatari kubwa. Moto zinapita Mubi na mizigo, zinapiga honi, na mbwa huyu hasikii hata moja. Karibu na barabara na siku ya soko anafungwa kamba, hata kama amefunzwa vizuri. Shingoni tulimvalisha njuga ya mti, kama mbwa wa wawindaji: yeye hatusikii, lakini sisi tunamsikia alipo.

Usiku peke yake hafai kulinda, mwizi anaweza kupita nyuma yake. Anapokaa na mbwa anayesikia, anamfuata mwenzake akisimama. Huyu wetu sasa analala hivyo kando ya zizi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isisahauliwe, kuanzia miezi mitatu, kisha kadiri munganga wa mifugo anavyopanga, maana mbwa anayeshtuka anaweza kuuma. Akiuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, na mtu apelekwe santé siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Na mbwa kiziwi wa kuzaliwa tusimzalishe, dume au jike, kwani watoto wanaweza kurithi.