Siri za wagonjwa zimevuja: meneja awaandikie nini wafanyakazi?

*Tuchukulie hospitali binafsi nchini Tanzania. Muuguzi wa zamu ya usiku amepiga picha majibu ya maabara kwa simu yake, akayatuma kwenye kundi la WhatsApp la wodi ili daktari aliyeko nyumbani atoe maelekezo. Kulipokucha picha ilikuwa imeshafika mtaani. Jina la mgonjwa linasomeka, na kipimo ni cha VVU. Mshauri wetu wa masuala ya kazi katika sekta ya afya anajibu.*

Barua itoke siku hiyohiyo?

Hapana. Siku ya kwanza ina kazi nyingine. Mameneja wengi hukimbilia kuagiza kila mtu afute picha, na hapo ushahidi nao unafutika. Kwanza nakala ya mazungumzo ihifadhiwe, na mtaalamu wa mfumo atoe orodha ya waliofungua faili la mgonjwa huyo na saa walizolifungua. Baada ya hapo ndipo picha zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inaitaka taasisi kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale usalama wa taarifa unapovunjwa. Mgonjwa naye aambiwe, tena kabla wafanyakazi hawajasoma barua yoyote. Ni aibu asikie habari zake kwa mfanya usafi.

Barua yenyewe iseme nini?

Nimeziona nyingi. Zinaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", zinafuata aya mbili za kukumbusha viapo, kisha "hatua kali za kinidhamu zitachukuliwa". Ukimuuliza mhudumu wa mapokezi ni kitu gani hasa amekatazwa, hajui.

Mimi ningeandika hivi: "YAH: Katazo la kupiga picha taarifa za mgonjwa kwa simu binafsi. Kuanzia Jumatatu ijayo, hakuna mtumishi atakayepiga picha faili, majibu ya maabara au skrini ya kompyuta kwa simu yake. Daktari wa zamu akihitaji majibu usiku, apigiwe kwa simu ya wodi na kusomewa, naye ayarudie kwa sauti kabla ya kukata. Mpigaji aandike kwenye faili saa aliyopiga na maelekezo aliyopewa."

Katazo limekuja na njia mbadala. Yule muuguzi hakuwa mbeya; alitaka mgonjwa atibiwe usiku uleule. Ukimnyang'anya kamera bila kumpa njia nyingine, kesho kutwa atapiga picha tena, safari hii kwa kificho.

Jina la mgonjwa lisiwemo kabisa, wala la muuguzi, wala wodi. Ukiandika "tukio la wodi ya wazazi usiku wa Alhamisi", umeshawataja wote wawili.

Muuguzi afukuzwe kwa kanuni hii mpya?

Kanuni iliyoandikwa leo haiwezi kumhukumu mtu kwa kosa la juzi. Hata hivyo, wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa upo siku zote, na anaweza kuitwa kujibu kwa huo. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinataka kanuni ya kazini iwe wazi, mfanyakazi awe anaifahamu, na itumike kwa wote kwa usawa. Kwa kawaida apewe si chini ya saa 48 kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu. Swali gumu ni lile la usawa: kama daktari bingwa alikuwa akituma picha kwenye kundi hilohilo mwaka mzima bila kuulizwa, adhabu ya muuguzi peke yake haitasimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kila mtu asaini?

Asaini, lakini baada ya kusomewa kwenye makabidhiano ya zamu, ya usiku ikiwemo. Msiwasahau makarani wa masjala, walinzi, na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Tutajuaje kama kanuni inafuatwa?

Kila mwezi chukueni faili chache, mlinganishe orodha ya waliozifungua na ratiba ya zamu. Mtu aliyekuwa mapumzikoni amefungua faili? Aulizwe. Nywila moja inafanya kazi kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja? Kuna anayeiazima, mara nyingi kwa sababu mgeni kazini bado hajafunguliwa akaunti yake. Hilo la akaunti ni kosa la ofisi.

Na kama bajeti ya simu ya wodi bado haijapitishwa, barua isubiri. Simu inunuliwe kwanza.