Ampuli Mbili kwa Mtoto wa Siku Mbili

Toleo hili nimeombwa niandike somo kwa wenzangu wa famasia, uuguzi na udaktari ambao karibu wataanza mazoezi wodini. Nimechagua hesabu moja tu, na nimeichagua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuikosea.

Ilikuwa wiki yangu ya pili katika wodi ya watoto wachanga. Mtoto alikuwa na siku mbili, ana homa, hanyonyi, na daktari alishuku maambukizi ya damu. Katika faili aliandika dawa mbili, na moja yake ilikuwa jentamisini: miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Uzito wa mtoto ulikuwa umeandikwa gramu 3200. Juu ya meza palikuwa na ampuli zilizoandikwa 80 mg/2 ml. Mama mfamasia aliyekuwa akitusimamia akaniambia, "Haya mwanangu, nipigie hesabu, nitavuta mililita ngapi?"

Nilichukua kikokotoo na baada ya muda mfupi nikamjibu: "Mililita 4, mama."

Hakunikemea. Aliniuliza swali moja: "Utafungua ampuli ngapi?" Nikatazama meza. Kila ampuli ina mililita 2, kwa hiyo mbili. Akasema, "Ampuli mbili, kwa mtoto huyu?" Hapo ndipo nilipokiweka kikokotoo chini na kuanza upya.

Kabla ya kuanza nanyi, tujue kwa nini hesabu hii haina nafasi ya kubahatisha. Jentamisini hutolewa mwilini na figo, na figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa. Ikizidi, inaweza kuziumiza figo hizo, na inaweza kuharibu sikio la ndani, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo kwa kawaida haurudi. Ikipungua nayo, vijidudu havifi, na mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu anaweza kufariki haraka. Kwa hiyo huwezi kujificha kwa kusema, "nitapunguza kidogo ili niwe salama."

Hatua ya kwanza: uzito uwe kwenye kipimo kinachotakiwa

Dozi imeandikwa kwa kilo, lakini uzito umeandikwa kwa gramu. Kilo moja ina gramu 1000, basi:

3200 g ÷ 1000 = 3.2 kg

Kosa langu lilikuwa hapa. Niligawanya kwa 100 badala ya 1000, nikapata kilo 32. Yaliyofuata yote niliyafanya sawasawa, na ndiyo maana sikuona kitu. Kikokotoo hakijui kwamba kilo 32 ni uzito wa mwanafunzi wa darasa la nne au la tano. Mimi nilijua, ila sikusimama nijiulize. Watoto wengi wanaozaliwa kwa wakati wao huwa na kilo mbili na nusu hadi nne. Ukipata namba iliyo mbali na hapo, usiendelee na hatua ya pili.

Jambo hili linatuhusu zaidi sisi ambao chuoni tumechanganyika, wengine tukitoka shule za Kifaransa na wengine za Kiingereza. Aliyesoma kwa Kifaransa hutumia mkato mahali pa nukta, kwa hiyo akiandika 3,200 anaweza kuwa na maana ya kilo tatu na gramu mia mbili. Aliyesoma kwa Kiingereza akiona 3,200 husoma elfu tatu na mia mbili. Namba ni ile ile, maana ni mbili. Dawa yake ni kuandika kipimo kila mara, g au kg, na ukikuta namba isiyo na kipimo, muulize aliyeiandika au mpime mtoto tena.

Hatua ya pili: miligramu

Sasa tunazidisha dozi kwa uzito:

5 mg × 3.2 = 16 mg

Hiki ndicho kiasi cha dawa anachohitaji mtoto. Kishike vizuri, maana kuanzia hapa mililita zinaweza kubadilika kulingana na ampuli uliyonayo, lakini miligramu 16 hazibadiliki.

Hatua ya tatu: mililita

Ampuli yetu imeandikwa 80 mg/2 ml. Wapo wanaosoma 80 na kuisahau 2, wakadhani kila mililita ina miligramu 80. Sivyo. Miligramu 80 zimo ndani ya mililita 2, kwa hiyo kila mililita moja ina miligramu 40:

80 mg ÷ 2 ml = 40 mg/ml

16 mg ÷ 40 mg/ml = 0.4 ml

Jibu ni mililita 0.4. Liandike na sifuri mbele ya nukta. Ukiandika .4 peke yake, nukta ikififia kwenye karatasi, muuguzi wa zamu ya usiku atasoma 4, na tutakuwa tumerudi kwenye kosa langu kwa njia nyingine.

Hatua ya nne: je, jibu hili linaingia akilini?

Hatua hii mama mfamasia aliifanya bila kalamu. Alinionyesha hivi: ampuli nzima ina miligramu 80, na mtoto anahitaji 16. Kumi na sita ni sehemu moja kati ya tano za themanini. Basi tunahitaji sehemu moja kati ya tano za ampuli, na sehemu moja kati ya tano za mililita 2 ni mililita 0.4. Tumefika pale pale kwa njia nyingine.

Linganisha na jibu langu. Mililita 4 ni ampuli mbili kamili, yaani miligramu 160. Ni mara kumi ya dozi. Kosa la nukta au la sifuri moja humpeleka mtoto mara kumi juu au mara kumi chini, na umbali huo huonekana ukitazama ampuli badala ya kutazama namba. Ndiyo maana swali lake halikuwa "umekosea wapi?" bali "utafungua ngapi?" Kwa mtoto mchanga, dozi moja ikidai ampuli zaidi ya moja ya 80 mg, simama.

Kisha rudi kinyumenyume. Mililita 0.4 mara miligramu 40 ni miligramu 16. Miligramu 16 ukigawa kwa kilo 3.2 ni miligramu 5 kwa kilo, kama daktari alivyoandika. Ukirudi ukakuta namba nyingine, kuna hatua uliyoiruka.

Ampuli ikizimuliwa

Mililita 0.4 hupimika vizuri kwa bomba la mililita 1. Lakini kwa watoto wadogo zaidi kiasi huwa kidogo mno, na tone moja likibaki kwenye bomba huwa ni sehemu kubwa ya dozi. Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaonyesha njia ya kuizimua: kwenye mililita 2 zenye miligramu 80 unaongeza mililita 6 za maji ya sindano yaliyotakaswa, upate mililita 8. Dawa haikuongezeka, ni miligramu zile zile 80, ila sasa zimetawanyika katika mililita 8:

80 mg ÷ 8 ml = 10 mg/ml

16 mg ÷ 10 mg/ml = 1.6 ml

Angalia tena kwa akili: sehemu moja kati ya tano za mililita 8 ni mililita 1.6. Tano ni ile ile, kwa sababu mtoto ni yule yule na miligramu ni zile zile.

Lakini hapa pana mtego ambao swali la ampuli haliugundui. Zipo pia ampuli za 20 mg/2 ml, ambazo tayari zina miligramu 10 kwa mililita. Kwa hizo nazo jibu la mtoto wetu ni mililita 1.6. Sasa fikiria umeandika "1.6 ml" tu kwenye karatasi, na zamu inayofuata ikachukua ampuli ya 80 mg ambayo haikuzimuliwa. Mililita 1.6 za ile ni miligramu 64, mara nne ya dozi. Ampuli iliyofunguliwa ni moja, bomba halijajaa kupita kiasi, hakuna kinachomshtua mtu. Kwa hiyo usiandike mililita peke yake. Andika: jentamisini 16 mg, yaani 1.6 ml ya dawa yenye 10 mg/ml. Na anayevuta asome lebo ya ampuli iliyo mkononi mwake, siyo ile anayoikumbuka ya jana.

Vilevile, ukaguzi huu unapima hesabu, haupimi agizo. Mwongozo huo huo unatoa miligramu 5 kwa kilo katika wiki ya kwanza kwa mtoto mwenye uzito wa kawaida, lakini miligramu 3 kwa kilo kwa aliyezaliwa na uzito mdogo, chini ya kilo 2.5. Daktari akiandika 5 kwa mtoto mdogo, hesabu yako itatoka safi na bado mtoto atapata zaidi ya inavyofaa. Kwa hiyo kabla ya hesabu, soma umri na uzito, ufungue mwongozo unaotumika katika wodi yako.

Zoezi

Mtoto wa siku tatu ana gramu 1850. Ameandikiwa jentamisini miligramu 3 kwa kilo, mara moja kwa siku, na kabatini kuna ampuli za 80 mg/2 ml tu. Funika mistari inayofuata, ujaribu.

Uzito ni kilo 1.85. Dozi ni 3 × 1.85, yaani miligramu 5.55. Bila kuzimua ungehitaji kama mililita 0.14, kiasi kigumu kupima kwa uhakika, kwa hiyo tunaizimua hadi mililita 8, iwe 10 mg/ml. Jibu ni mililita 0.555, na kwa bomba la mililita 1 tunavuta 0.55. Sasa tuikague: miligramu 5.55 ni karibu sehemu moja kati ya kumi na nne za 80, na mililita 8 ukizigawa kwa 14 unapata 0.57. Ziko karibu, na sehemu kubwa ya ampuli inabaki. Kama wewe umepata 5.5, rudi kwenye hatua ya kwanza utazame uligawa kwa ngapi. Ndipo na mimi nilipokosea.